Herufi Moja Kwenye Jeni: Je, Kipimo cha Vinasaba Kinasaidia Kuchagua Statini?

Wagonjwa 12,064 walioingia katika utafiti ulioitwa SEARCH nchini Uingereza walikuwa wote wamewahi kupata shambulio la moyo. Nusu yao walipewa miligramu 20 za simvastatini kwa siku, nusu nyingine miligramu 80. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitaka kujua jambo moja: ikiwa dozi ndogo inashusha lehemu na kuukinga moyo, je, dozi kubwa itaukinga zaidi? Faida iliyopatikana ilikuwa ndogo. Lakini miaka ilivyosonga likajitokeza jambo ambalo halikuwa shabaha ya utafiti. Kwa waliomeza miligramu 80, watu 98 waliharibikiwa misuli, 49 kwa kiwango kilicho wazi na 49 wakiwa katika hatua za mwanzo. Waliomeza miligramu 20 na kupata shida hiyo walikuwa wachache mno.

Swali lililofuata lilikuwa la kawaida kwa daktari yeyote. Watu hawa wote walimeza dawa ileile, dozi ileile, wengine kwa miaka mingi. Kwa nini huyu misuli yake inalegea hadi ashindwe kupanda ngazi, na mwenzake hasikii chochote?

Watafiti wakachukua damu ya wagonjwa 85 walioharibikiwa misuli na wengine 90 ambao hawakupata shida, wote wakiwa kwenye miligramu 80. Vinasaba vyao vikapitiwa katika maabara ya Evry, karibu na Paris, kwenye sehemu zipatazo 300,000. Kazi ya namna hiyo kwa kawaida huhitaji maelfu ya watu kabla ya kuona chochote cha kuaminika. Safari hii watu 175 tu walitosha, kwa kuwa ishara ilitoka mahali pamoja na ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida: kwenye kromosomu ya 12, ndani ya jeni iitwayo SLCO1B1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Ili kuelewa jeni hiyo inafanya nini, ni vizuri kufuata kidonge kinapopita. Simvastatini ikishamezwa hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini. Huko ndiko kazi yake iliko, maana ini ndilo kiwanda kikuu cha lehemu mwilini, na statini huzuia kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji huo. Dawa haiingii ndani ya seli za ini kwa wingi unaotakiwa bila msaada. Kwenye kuta za seli hizo kuna protini iitwayo OATP1B1, ambayo ni kama mlango unaoipokea dawa kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani. Jeni ya SLCO1B1 ndiyo yenye maelekezo ya kuutengeneza mlango huo.

Kwa baadhi ya watu, herufi ya 521 katika maelekezo hayo imebadilika. Badala ya T kuna C. Kwa badiliko hilo dogo, kiungo kimoja cha protini hubadilika pia, na protini chache zaidi hufika kwenye ukuta wa seli. Dawa isiyoingia kwenye ini hubaki kwenye damu, na damu huifikisha kila mahali, misuli ikiwemo. Vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima wenye afya vilionyesha kwamba aliyerithi herufi C kutoka kwa wazazi wote wawili huwa na kiasi cha simvastatini hai kwenye damu kinachozidi mara tatu kile cha mtu asiye nayo. Kushuka kwa lehemu hakupungui sana, kwa sababu dawa inayoingia bado inatosha kwa sehemu kubwa. Shida ni ile inayobaki nje.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Kwa hiyo kuna makundi matatu: wenye T mbili, wenye T moja na C moja, na wenye C mbili. Utafiti wa SEARCH ulikadiria kwamba katika miaka mitano hadi sita ya kumeza miligramu 80, uharibifu wa misuli utawapata asilimia 0.6 ya kundi la kwanza, asilimia 3 ya kundi la pili, na asilimia 18 ya kundi la tatu.

Asilimia 18 ni namba ya kutisha, na ndiyo iliyosambaa katika magazeti na matangazo ya kampuni za kupima vinasaba. Lakini isisomwe peke yake. Tuchukue watu 1,000 wenye asili ya Ulaya, ambako herufi C hupatikana katika takribani asilimia 15 ya nakala zote za jeni. Miongoni mwao, watu wapatao 722 watakuwa na T mbili, 255 watakuwa na mchanganyiko, na 23 watakuwa na C mbili. Wote wakimeza miligramu 80, kundi la C mbili litatoa wagonjwa wapatao 4, kundi la mchanganyiko wagonjwa 8, na kundi la T mbili wagonjwa 4. Jumla ni 16.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, wagonjwa 12 kati ya 16 wana herufi C, kwa hiyo jeni hii kweli inabeba sehemu kubwa ya lawama. Pili, watu waliorithi herufi C walikuwa 278, na 266 kati yao hawakupata chochote. Aliyeambiwa ana herufi hiyo hajaambiwa kwamba ataumwa. Na aliyeambiwa hana, hajapewa kinga: wagonjwa wanne walitoka katika kundi lake.

Kuna neno jingine katika hesabu hiyo linalosahauliwa haraka, nalo ni 80. Dozi ikishuka, hatari hushuka nayo. Kundi lilelile la Oxford lilitazama utafiti wake mwingine mkubwa wa watu wapatao 20,000, ambao dozi ilikuwa miligramu 40, na kukuta kwamba kila nakala ya C iliongeza hatari mara 2.6, wakati kwa miligramu 80 iliongeza mara 4.5. Isitoshe, hatari yenyewe ya kuanzia ilikuwa ndogo zaidi, na mara 2.6 ya kitu kidogo hubaki kuwa kitu kidogo.

Juni 2011, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa agizo kwamba mgonjwa mpya asianzishiwe tena simvastatini ya miligramu 80. Waliokuwa wameshaimeza kwa mwaka mmoja au zaidi bila shida waliruhusiwa kuendelea. Hapo hatari kubwa iliyoivumisha jeni ya SLCO1B1 ikaondolewa kwa njia ya karatasi tu, bila mtu yeyote kupimwa vinasaba.

Mlango wa OATP1B1 hauzihudumii statini zote sawasawa. Simvastatini ndiyo inayoutegemea zaidi. Atorvastatini na pitavastatini nazo huathirika, ila kwa kiasi kidogo. Pravastatini na rosuvastatini huathirika kidogo zaidi ya hapo, na fluvastatini karibu haiguswi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa CPIC, unaowasaidia madaktari kusoma majibu ya vinasaba na uliohuishwa mwaka 2022, unashauri mwenye C mbili apewe statini nyingine badala ya simvastatini. Mwenye C moja naye ashauriwe dawa nyingine, na ikibidi kubaki kwenye simvastatini, dozi iwe chini ya miligramu 20. Kwa atorvastatini na rosuvastatini, mwongozo hauzikatazi, unaweka kikomo cha dozi ya kuanzia.

Rosuvastatini ina jeni yake yenyewe ya kuangaliwa, ABCG2, ambayo hutengeneza protini inayoitoa dawa nje ya seli. Badiliko linaloidhoofisha ni la kawaida sana Asia ya Mashariki, na huko madaktari huanza na dozi ndogo hata bila kumpima mtu.

Sasa lije swali lenye uzito zaidi: je, maumivu yenyewe yanatoka kwenye dawa? Mwaka 2022 kundi la watafiti wanaokusanya takwimu za majaribio yote makubwa ya statini lilichapisha uchambuzi wa majaribio 19 yenye watu karibu 124,000. Nusu walipewa statini, nusu kidonge bandia, na hakuna aliyejua anameza nini. Walioripoti maumivu au udhaifu wa misuli upande wa statini walikuwa asilimia 27.1. Upande wa kidonge bandia walikuwa asilimia 26.6. Watu wa umri ule wanaumwa misuli, wawe na statini au wasiwe nayo. Watafiti walihitimisha kwamba zaidi ya visa tisa kati ya kumi vya maumivu kwa watumiaji wa statini havikusababishwa na dawa.

Jaribio dogo lililofanyika London, liitwalo SAMSON, lilikwenda ndani zaidi. Watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi walipewa chupa 12 za kutumia kwa mwaka mzima: nne zikiwa na atorvastatini, nne zikiwa na vidonge bandia, na nne tupu. Kila siku walijipa alama za maumivu kutoka 0 hadi 100. Miezi ya chupa tupu wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini ulikuwa 16.3. Na miezi ya vidonge bandia ulikuwa 15.4. Maumivu yalikuwa ya kweli, wagonjwa hawakuyatunga, lakini sehemu kubwa yalitokana na kitendo cha kumeza kidonge mtu akitarajia kudhurika. Walipoonyeshwa alama zao wenyewe, nusu yao walirudi kwenye statini.

Hapa ndipo kipimo cha jeni kinapokwama. Herufi C inahusiana na uharibifu halisi wa misuli, ule unaoonekana kwenye damu. Haina la kusema kuhusu maumivu mengi ya mgongo, mabega na magoti yanayomfanya mtu aache dawa. Wanaoharibikiwa misuli ni wachache. Wanaoumwa ni wengi.

Majaribio ya kutazama kama kupima kunabadilisha maisha ya mgonjwa yamefanyika. Boston, katika hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani, wagonjwa 408 ambao hawajawahi kutumia statini walipimwa SLCO1B1. Madaktari wa nusu yao walipewa majibu mara moja, wa nusu nyingine walisubirishwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Madaktari waliopewa majibu hawakuwanyima wagonjwa wao dawa kwa hofu, na lehemu ilikwenda vilevile pande zote mbili. Hilo lina faida yake, kwani kulikuwa na wasiwasi kwamba jibu baya lingewakimbiza watu kwenye matibabu. Lakini kuhusu misuli, hakuna tofauti iliyoonekana. Jaribio jingine la Marekani lilihusu watu walioacha statini kwa sababu ya misuli. Walioonyeshwa majibu yao ya jeni walikubali kwa wingi zaidi kuandikiwa statini tena na lehemu yao ikashuka zaidi mwanzoni, ingawa katika kuimeza dawa kwa uaminifu siku hadi siku hawakuwashinda wenzao. Inaelekea jibu la maabara liliwapa sababu ya kujaribu tena dawa tofauti, na kwa mtu aliyekwisha kukata tamaa hilo si jambo dogo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna sura nyingine ya habari hii, na haielezwi vya kutosha. Herufi C katika nafasi ya 521, iliyo karibu asilimia 15 Ulaya, hupatikana kwa asilimia 1 au 2 tu kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwa hiyo Mwafrika akipima, karibu kila mara jibu litakuwa "kawaida". Lakini jeni hiyohiyo ina mabadiliko mengine yanayoudhoofisha mlango, na moja wapo, lililopewa alama *9, huonekana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Vipimo vingi vya kibiashara hutazama nafasi ya 521 peke yake. Mtu mwenye *9 atapewa karatasi isemayo yu salama, ilhali maabara haikuangalia pale penye kasoro yake.

Jambo la pili linahusu kipimo cha damu chenyewe. Misuli inapoharibika humwaga kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, au CK, na daktari hupima kiasi chake. Watu wenye asili ya Afrika, wanaume hasa, kwa kawaida huwa na CK ya juu kuliko Wazungu hata wakiwa wazima kabisa. Mtu aliyelima, aliyebeba mizigo au aliyecheza mpira siku iliyotangulia ataizidisha zaidi. Namba iliyovuka kidogo kikomo kilichoandikwa na maabara haitoshi kumwachisha mtu dawa. Kinachotisha ni CK iliyozidi kikomo mara kumi, hasa ikiandamana na udhaifu, au mkojo uliogeuka kahawia iliyokolea, dalili kwamba mabaki ya misuli yanapita kwenye figo na yanaweza kuziharibu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tumfikirie mgonjwa wa mfano: mama wa miaka 66, mkazi wa Mombasa, anayetumia amlodipini kwa ajili ya shinikizo la damu na simvastatini ya miligramu 40. Baada ya miezi minne anaanza kushindwa kuinuka kwenye kiti bila kujishika, na kuanika nguo kunamchosha mabega. Shida iko pande zote mbili za mwili, kwenye mapaja na mabega, na ni ya udhaifu kuliko maumivu. Hayo yote yanafanana na kazi ya statini. CK yake ni 5,200 wakati kikomo cha maabara ni 200, yaani mara 26.

Daktari anaisimamisha simvastatini papo hapo, anapima figo na mkojo, kisha anapima tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea huharibu misuli na pia hupandisha lehemu. Halafu anauliza dawa nyingine zote anazotumia, na hapo jibu linaanza kuonekana. Amlodipini hupunguza kasi ya mwili kuivunja simvastatini, na mwenye kuitumia hatakiwi kuvuka miligramu 20 za simvastatini. Mama huyu alikuwa kwenye dozi mara mbili ya kikomo. Kama wiki iliyopita alinunua pia klarithromisini ya kifua kwenye duka la dawa, hatari iliongezeka maradufu na zaidi, maana dawa hiyo haitakiwi kabisa kukutana na simvastatini. Ndivyo ilivyo pia kwa itrakonazoli ya fangasi, na kwa dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri, ambazo wagonjwa wengi wa mstari wa pili wa matibabu katika nchi zetu huzitumia.

Wiki kadhaa baadaye CK inarudi kawaida na nguvu zinarejea. Daktari anamwanzishia rosuvastatini kwa dozi ndogo, ambayo haigombani na amlodipini, na anapima tena.

Je, kipimo cha jeni kingemsaidia? Kingeonyesha C mbili, simvastatini ingeachwa moja kwa moja na dozi kubwa ya atorvastatini ingeepukwa. Kingeonyesha hali ya kawaida, simvastatini ya miligramu 40 pamoja na amlodipini bado isingerudishwa. Uamuzi wa siku ile ungekuwa uleule kwa majibu yote mawili. Kufungua mfuko wa dawa za mama huyo mezani na kuzisoma moja moja kulifichua mengi zaidi, na hakukumgharimu chochote.

Kama CK ingekataa kushuka, au udhaifu ungezidi miezi miwili baada ya kuacha dawa, daktari angelazimika kuwaza ugonjwa mwingine, nadra sana, ambao kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia misuli baada ya statini kuiamsha. Nao una asili ya kurithi: hutokea zaidi kwa wenye aina ya jeni ya kinga iitwayo HLA-DRB1*11:01. Hata hivyo jeni hiyo haipimwi kabla ya kuanza dawa, kwa kuwa wengi mno walio nayo hawataugua kamwe. Kinachopimwa ni kingamwili dhidi ya kimeng'enya kile kinachozuiwa na statini. Ikipatikana, mgonjwa hatakiwi kurudi kwenye statini yoyote, na atahitaji dawa za kutuliza kinga.

Wapo watu ambao kipimo cha SLCO1B1 kina maana kwao. Mmoja ni yule aliyeharibikiwa misuli kwa dozi ndogo ya simvastatini au atorvastatini, bila dawa nyingine ya kulaumiwa na tezi yake ikiwa nzima. Jibu litamwambia ni statini ipi ya kujaribu na dozi ipi ya kuanzia. Mwingine ni mtu ambaye kwao mzazi au ndugu wa tumbo moja alipata uharibifu mkubwa wa misuli kwa statini. Wa tatu ni yule ambaye tayari anayo karatasi ya majibu, labda ndugu aliye Uingereza au Marekani alimnunulia kifurushi cha kupima mate. Karatasi hiyo isitupwe. Apewe daktari au mfamasia, na palipoandikwa *1/*5 au *5/*15 wataelewa: alama *5 na *15 zote zina ile herufi C.

Kwa anayetaka kulipia kipimo kipya, swali la kuiuliza maabara kabla ya kutoa pesa ni mabadiliko yapi ya SLCO1B1 yanatazamwa. Ikijibu rs4149056 peke yake, hiyo ni nafasi ya 521 tu. Maabara inayotazama pia rs59502379 inaitafuta ile *9.